Mrija uliogoma kugeuka

Nilifundisha fizikia ya kidato cha tano na cha sita Tabora kwa miaka saba kabla sijaiona dipoli ya umeme kwa macho yangu. Ubaoni nilikuwa hodari. Nilichora chaji mbili, chanya na hasi, zimeshikiliwa ncha mbili za kijiti chenye urefu d, nikapitisha mishale sambamba ya uga wa umeme E, kisha zikashuka zile fomula tatu kama ratiba ya vipindi: ukubwa wa dipoli p = qd, nguvu ya kuzungusha τ = pE sin θ, nishati U = −pE cos θ, θ ikiwa pembe kati ya kijiti na uga. Kengele ikilia nafuta ubao, kesho tunaingia kapasita.

Aliyenivuruga ni binti mmoja wa dawati la nyuma. Tulikuwa tumemaliza kuonyesha kwamba dipoli ikisogezwa kidogo kutoka kwenye utulivu wake itapembea kwa muda wa T = 2π√(I/pE), I ikiwa inersha, yaani ukaidi wa kitu kuzungushwa. Akanyoosha mkono.

"Madam, naomba kuuliza. Kwa hiyo inapembea kweli, au ni ya mtihani tu?"

Darasa likacheka. Nikacheka nao, lakini usiku nililala na lile swali. Pendulo tumeipembeza, springi tumeipembeza, hata sumaku tumeining'iniza kwa uzi ikatafuta kaskazini. Dipoli ya umeme hatukuwahi hata kuijaribu.

Ilikuwa Agosti. Agosti ya Tabora hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na ukivua sweta la nailoni gizani unaona cheche. Hali hiyo ndiyo inayofaa kazi hii, ila wakati huo sikujua ina uzito kiasi gani.

Nikachonga matufe mawili kutoka lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni ndani ya katoni, kila moja lina nusu kipenyo cha sentimita moja. Nikasaga kijiti cheusi cha ndani ya betri ya redio, nikachanganya unga wake na gundi nyepesi, nikayapaka matufe ili uso wake upitishe umeme. Kila tufe lilikuwa na gramu 0.1. Nikayachomeka kwenye ncha za kipande cha mrija wa soda, kutoka kitovu cha tufe moja hadi cha jingine sentimita 10. Mrija wenyewe gramu 0.2.

Kuuning'iniza ndiko kulikonitesa. Uzi wa cherehani umesokotwa, na ukiutundikia kitu chepesi unaanza kujisokotoa wenyewe, kijiti kinazunguka hata umeme haujawashwa. Mzee wetu wa maabara ndiye aliyenusuru. Alichomoa unyuzi mmoja tu kutoka soksi ya nailoni ya mkewe, mwembamba hivi kwamba ukiinua kichwa unaupoteza. Unyuzi wa namna hiyo, nusu mita, haukisumbui kijiti hata kidogo.

Tukasimamisha sahani mbili za alumini, kila upande sentimita 60, zikitazamana kwa umbali wa sentimita 20, na mrija ukining'inia katikati, umelala, huru kuzunguka kama sindano ya dira. Sahani tukaziunga kwenye mashine ya maabara ya volti 5000. Kabla ya hapo tulikuwa tumeyachaji matufe kwa kuyagusisha kwenye mashine hiyo hiyo ikiwa kwenye volti 1800, moja upande wa chanya, jingine upande wa hasi. Tufe la ukubwa ule hubeba takriban pikokulombi 1.1 kwa kila volti, kwa hiyo kila moja lilipata kama nanokulombi 2.

Nikawasha. Mrija ukageuka taratibu, ukapita mstari wa uga, ukasita, ukarudi. Ukapita tena. Yule binti alikuwa amesimama juu ya stuli.

Tulihesabu bembea kumi kwa saa ya simu: sekunde 24. Hapo ndipo raha ilipoanza, maana sasa tuliweza kuiuliza fomula maswali. Uga ni volti 5000 kugawa kwa mita 0.20, yaani 25 000 V/m. Dipoli ni nanokulombi 2 mara mita 0.10, yaani 2 × 10⁻¹⁰ C m. Zidisha, unapata pE = 5 × 10⁻⁶ N m. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha kubwa kuliko zote ambazo mrija ule ungeweza kuipata, ukiwa umekingama na uga kwa nyuzi 90. Ukiwa nyuzi 30 inabaki nusu yake.

Kwa inersha, vijana walichukua matufe mawili peke yake, kila moja gramu 0.1 kwenye umbali wa sentimita 5, wakapata 5 × 10⁻⁷ kg m². Muda ukatoka sekunde 1.99. Tulipima 2.4. Tofauti ile ni kubwa mno kuisukumia saa ya simu. Mmoja akauliza mrija je, au hauna uzito? Tukaongeza ml²/12 ya mrija, inersha ikafika 6.7 × 10⁻⁷, na muda ukapanda hadi sekunde 2.29. Kitabuni kijiti hakina uzito. Kwetu kilikuwa na robo ya inersha yote, na kilichobakia cha tofauti nilikielewa: chaji halisi ilikuwa pungufu kidogo ya ile niliyoikadiria.

Kitu kimoja kiliwashangaza kuliko bembea zenyewe. Walitegemea mrija uvutwe kwenye sahani mojawapo, lakini ulibaki palepale katikati ukizunguka tu. Uga ukiwa sawa kila mahali, tufe chanya linasukumwa huku na tufe hasi kule kwa nguvu ileile, 5 × 10⁻⁵ N kila upande, basi zinafutana na kinachosalia ni kuzungusha. Tulipochaji vibaya makusudi, tufe moja likazidi jingine kwa sehemu ya kumi, unyuzi ulipinda kuelekea sahani kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Kuanzia siku ile, kabla ya kupima chochote, nilikuwa nautazama unyuzi kwanza kama fundi mwashi anavyotazama timazi.

Nishati nayo ikapata mwili. Kila mwaka kuna anayekwama kwenye ile alama ya kutoa: nishati itakuwaje hasi? Tukaushika mrija kwa ncha ya fito kavu, tukaugeuza kinyume kabisa na uga, tufe chanya likitazama sahani chanya, hapo U = +5 mikrojuli. Mrija ukisimama hapo unaweza kutulia nukta moja kama yai juu ya kichwa cha chupa, kisha unaporomoka. Ukipita kwenye mstari wa uga U ni −5. Sifuri tumeiweka sisi wenyewe kwenye nyuzi 90 kwa sababu cos 90° ni sifuri, hakuna siri nyingine. Kinacholipwa ni tofauti: mikrojuli 10, kama kuinua gramu moja kwa milimita moja. Ni kidogo hivyo, lakini inatosha kulipitisha tufe kwa sentimita 27 kwa sekunde, na unaiona kwa macho.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kigoma. Mrija wangu niliufunga kwenye kopo la asali tupu, nikapanda nao treni. Mahali fulani baada ya Kaliua mtu alilishusha begi lake juu ya kopo langu, akaomba samahani kwa adabu sana. Nilipofika Kigoma matufe yalikuwa maandazi.

Basi Novemba, mvua zimeshaanza na kutoka dirisha la maabara ziwa linaonekana la kijivu, niliwapa vijana wa shule mpya kazi ya kutengeneza mwingine. Vipimo vilevile, rangi ileile ya unga wa betri. Niliwaambia nini cha kutegemea: sekunde 2.3 hivi.

Ukapembea vizuri tu. Muda: sekunde 2.8.

"Mmeuachia mbali mno," nikasema kwa kujiamini. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Fomula ya T inasimama juu ya kukubali kwamba sin θ ni sawa na θ, na hiyo ni ya pembe ndogo. Ukiuachia kutoka nyuzi 30, muda unarefuka kwa chini ya sehemu mbili katika mia. Ukiuachia kutoka nyuzi 90, unarefuka kwa kumi na nane katika mia, na 2.3 inakuwa 2.7. Karibu sana na walichopima. Nikawaambia warudie kutoka nyuzi 10.

Sekunde 2.8.

Basi chaji imepungua, nikasema, unyevu huu wa ziwa. Hiyo nayo ilikuwa ya kweli kwa namna yake, na tungeweza kuishia hapo, kila mtu akaandika ripoti. Lakini kijana mmoja wa Ujiji alitaka kuuona mrija ukigeuka nusu duara. Nilikuwa nimewaambia kwamba ukizibadilisha nyaya za sahani, uga unageuka, na mahali palipokuwa pa utulivu panakuwa kilele, kwa hiyo mrija lazima ugeuke. Tukashusha mashine hadi sifuri, tukagusanisha sahani zimalize chaji, tukabadilisha nyaya, tukawasha tena.

Mrija haukugeuka. Ukakaa vilevile, tufe lenye alama ya kalamu nyekundu likitazama upande uleule. Tukausukuma kidogo. Ukapembea, sekunde 2.8.

"Mwalimu, huyu hajui kama tumebadilisha," kijana akasema.

Nilijaribu kujieleza. Labda nyaya zilirudi palepale. Tukabadilisha mara tatu. Kisha tukaugeuza mrija wenyewe kwa fito, nyuma mbele. Kwa dipoli ya Tabora hapo pangekuwa kilele. Huu ulitulia hapo hapo kwa raha zake na kupembea. Ulikuwa na mahali pawili pa utulivu.

Kesho yake nikafanya kipimo ambacho ningepaswa kukifanya tangu Tabora: kushusha volti. Dipoli ya kudumu ukiinyima nusu ya uga, muda wake unarefuka kwa 1.41, maana E imo chini ya kipeuo. Kutoka 2.8 tungepata kama sekunde 4. Kwenye volti 2500 tulipata 5.5. Muda ulikuwa umeongezeka mara mbili hivi.

Nilikaa kwenye stuli nikaandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Ili muda uongezeke mara mbili uga ukipungua nusu, lazima ndani ya kipeuo kuwe na E mara E. E moja ni ya uga. Ya pili imetoka wapi, kama si ndani ya p? Yaani ile p niliyoiandika ubaoni miaka yote kama mali ya mrija, safari hii inatengenezwa na uga wenyewe. Uga ukigeuka, p inageuka nao, na mrija hauna sababu ya kuhama. Ilikuwa dipoli ya kuazima.

Tuseme umeme unaweza kupita kwenye mrija kutoka tufe hadi tufe. Chaji tulizoziweka zinakutana na kufutana, zinakwisha. Lakini mrija ukilala sambamba na uga wa 25 000 V/m, ncha zake zinatofautiana kwa volti 2500, na chaji zitahama mpaka tufe moja limebeba sehemu ya volti 1250 na jingine kinyume chake. Kwa pikokulombi 1.1 kwa volti, hiyo ni nanokulombi 1.4. Si mbali na zile 2 nilizodhani ninazo! Weka kwenye fomula, muda unatoka sekunde 2.75. Ndiyo maana sikushtuka siku ya kwanza: mwizi alivaa shati la mwenye nyumba na kimo kilikuwa karibu kilekile.

Kwa dipoli ya namna hii p inapungua mrija unapokingama, kwa cos θ, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inakuwa pE sin θ cos θ, p ikiwa ile kubwa ya mrija ulio sambamba. Nishati ni −½pE cos² θ. Ile nusu inatokana na kwamba dipoli haikuletwa ikiwa imekamilika, ilijengwa kidogo kidogo na uga. Na cos² haijali chanya na hasi, ndiyo maana nyuzi 0 na nyuzi 180 zote ni mabonde, na kilele kiko nyuzi 90.

Kilichobaki ni kujua umeme ulipita wapi. Nilichukua multimita, nikagusa tufe hadi tufe kwenye kipimo cha juu kabisa, megaomu 20. Haikusoma kitu. Hakuna njia. Nikarudi kuulaumu unyevu, na fundi wa maabara, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akauchukua mrija akauinua kuelekea dirishani.

"Mwanangu, hawa waliushika na mikono ya masizi."

Na kweli. Ukiutazama dhidi ya mwanga, kulikuwa na ukungu wa kijivu kutoka ncha hadi ncha, alama za vidole vya waliopaka matufe kisha wakashika mrija. Multimita haikuwa imedanganya, mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo saizi yake. Chaji hizi ni ndogo mno na kapasiti ya matufe ni ndogo mno, hivi kwamba hata njia yenye omu 10¹⁰, mara mia tano ya kile multimita yetu inachoweza kukiona, inasawazisha chaji kwa muda wa milisekunde tano au sita hivi. Mrija unahitaji karibu sekunde tatu kwa bembea moja. Chaji zilikuwa na muda wa kuhama na kurudi na kupumzika.

Tukakata mrija mpya. Safari hii matufe yalipakwa siku moja kabla, yakakauka, mikono ikaoshwa, na mrija ukapanguswa kwa spiriti na kuachwa juani saa ya mchana kabla mawingu hayajafunga. Tukachaji, tukawasha: sekunde 2.4. Volti 2500: 3.4. Tukabadilisha nyaya, na mrija ukasita, ukatetemeka kidogo kushoto na kulia kama mtu aliyesikia jina lake sokoni, kisha ukazunguka nusu duara nzima. Yule kijana wa Ujiji alipiga makofi peke yake.

Tulikuwa bado tunaupima mvua ilipoanza. Mtu akafungua dirisha ili asikie vizuri inavyopiga bati, hewa ya ziwa ikaingia. Nikawaambia wasilifunge, waendelee kupima bembea kumi kila baada ya dakika tatu, bila kuchaji upya. Sekunde 2.4. Kisha 2.6. Kisha 2.9. Kisha 3.1. Dakika ya kumi na mbili ilisoma 3.4, na volti zilikuwa bado 5000. Binti mmoja alishaanza kuandika kabla sijauliza: muda umezidi mara 1.41, uga haujabadilika, inersha haijabadilika, basi p imebaki nusu.

Nikawaambia wabadilishe nyaya mara moja zaidi. Uligeuka, ila kwa uvivu.